Kutambua Mkakati wa Ushindani kwa Kusoma Maelezo ya Bidhaa: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Sabuni

Mtu anapopewa aya moja inayoeleza bidhaa, kisha akaulizwa muuzaji wake anafuata mkakati upi wa ushindani, kosa linalomkuta mara nyingi ni kulirukia neno moja. Akiona “nafuu” anaandika uongozi wa gharama, akiona “bora” anaandika utofautishaji, na akiona “watalii” au “akina mama” anaandika ulengaji. Nimesahihisha majibu ya namna hiyo kwa miaka mingi, Unguja na Pemba, na nimekaa na vikundi vya wajasiriamali vilivyojiita vinara wa bei rahisi ilhali hesabu zao zilikuwa zinasema kinyume kabisa. Katika mwongozo huu nitaonesha namna ya kuisoma aya kama hiyo hatua kwa hatua, na nitatumia bidhaa moja tu, sabuni, kwa sababu sabuni ile ile inaweza kuuzwa kwa mkakati wowote kati ya hiyo, na hapo ndipo tofauti inapoonekana wazi.

Kwanza tuelewane juu ya mgawanyo wenyewe. Uliwekwa na Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1980. Alisema kwamba mfanyabiashara anaweza kuwashinda wenzake kwa njia mbili: ama azalishe na kufikisha bidhaa kwa gharama ndogo kuliko wao wote, na huo ndio uongozi wa gharama, ama atoe kitu ambacho mnunuzi anakiona ni cha pekee na yuko tayari kukilipia zaidi, na huo ndio utofautishaji. Juu ya hilo kuna suala la upana wa soko: je, anawauzia watu wa kila aina, au amechagua kundi moja na kuliacha soko lililobaki? Anayechagua kundi ndiye anayefuata ulengaji. Baadaye, mwaka 1985, Porter aliugawa ulengaji sehemu mbili, ulengaji wa gharama na ulengaji wa utofautishaji. Kwa hiyo majibu yanayowezekana ni manne, ingawa vitabu vingi vinataja mikakati mitatu.

Sasa soma maelezo manne yafuatayo. Nimeyatunga kwa ajili ya zoezi hili, na bei zote nitakazozitaja baadaye ni za kufundishia.

Maelezo ya kwanza: “Sabuni ya mche, ya kufulia na kuoshea vyombo, inapatikana katika kila duka Unguja na Pemba. Kiwanda chetu hufanya kazi usiku na mchana, kikitengeneza aina moja na rangi moja tu. Mawese tunayanunua kwa shehena nzima ya meli. Mche hauna karatasi. Muuza duka anaukata vipande mwenyewe.”

Maelezo ya pili: “Sabuni ya kuogea ya familia, ya mafuta ya nazi, inayotoa povu hata kwenye maji ya chumvi ya kisima. Harufu yake ya langilangi hudumu mwilini mpaka jioni. Imefungwa katika boksi lenye picha ya ua, na inauzwa Unguja, Pemba, Tanga na Dar es Salaam. Bei yake imezidi kidogo ya sabuni za kawaida, na waliokwisha kuitumia hawarudi nyuma.”

Maelezo ya tatu: “Sabuni ya mwani, gramu 30, iliyotengenezwa kwa mkono Jambiani kwa ajili ya hoteli ndogo za ufukweni. Kila kipande kimefungwa kwa ukindu na hugongwa muhuri wa jina la hoteli iliyoagiza. Oda huanzia vipande 200. Hatuuzi madukani.”

Maelezo ya nne: “Sabuni ya kufulia kwa madobi na nyumba za wageni za Mji Mkongwe. Inapimwa kwa kilo, mteja analeta ndoo yake. Haina harufu, rangi wala karatasi. Tunapita vichochoroni kila asubuhi na gari la kusukuma kwa mkono, na kilo yetu ni rahisi kuliko mche wa dukani.”

Hatua ya kwanza: tenga anachosema na anachofanya

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande mmoja andika maneno ya sifa, yaani yale ambayo muuzaji yeyote angeweza kuyasema: bora, nafuu, asilia, ya kipekee, hawarudi nyuma. Upande wa pili andika mambo anayoyafanya, yale ambayo ungeweza kwenda kuyaona kwa macho: kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana, mche hauna karatasi, oda huanzia vipande 200, mteja analeta ndoo yake. Jibu lako litatoka upande wa pili. Upande wa kwanza utakusaidia tu kujua muuzaji anataka uamini nini.

Katika maelezo ya kwanza, hakuna hata neno moja linalosema sabuni hiyo ni ya bei rahisi. Wanafunzi wengi hulikosa jibu hapo, kwa sababu wanalitafuta neno “nafuu” na hawalioni. Lakini karibu kila jambo lililotajwa upande wa vitendo linapunguza gharama ya mche mmoja. Aina moja tu maana yake mtambo hausimamishwi kusafishwa ili kubadilisha rangi au harufu. Kufanya kazi usiku na mchana maana yake bei ya mtambo inagawanywa kwa miche mingi zaidi. Mawese ya shehena nzima yana bei ya shehena, na karatasi isiyokuwepo hailipiwi na mtu yeyote.

Alama ya ubora nayo isikuchanganye. Bidhaa ikiwa na nembo ya Taasisi ya Viwango Zanzibar, nembo hiyo inakuambia kwamba imevuka kizingiti ambacho wenzake nao wanatakiwa wakivuke. Nembo inayopatikana kwa kila anayetimiza masharti haiwezi peke yake kuwa utofautishaji.

Hatua ya pili: uliza nani hauziwi

Watu wengi huanza na bei. Mimi nashauri uanze na upana wa soko, kwa sababu ukishajua upana, majibu mawili kati ya manne yanaondoka mara moja. Na swali linalofaa kuuliza ni nani hauziwi, kwa kuwa kila muuzaji hutaja wateja wake, lakini ni anayelenga tu ndiye aliyewaacha wengine kwa makusudi.

Maelezo ya tatu yanasema wazi: hatuuzi madukani. Maelezo ya nne hayasemi hivyo, lakini vitendo vyake vinasema. Mtu wa Fuoni anayetaka kipande kimoja cha sabuni ya kuogea hawezi kuhudumiwa na gari linalopita vichochoro vya Mji Mkongwe na kupima kwa kilo. Maelezo ya kwanza na ya pili, kwa upande mwengine, hayamfungii mtu mlango. Ya pili yanataja “familia”, na wapo wanaoandika kwamba familia ni kundi lililolengwa. Si hivyo. Karibu kila anayeoga anaishi katika familia, kwa hiyo neno hilo halikuacha mtu nje.

Kuna mtego mwengine hapa ambao unastahili kuelezwa kwa utulivu, nao ni mtego wa mahali. Tuseme duka la Wete linauza sabuni za kawaida, zile zile zinazouzwa Darajani, kwa watu wote wa Wete. Je, huo ni ulengaji kwa kuwa linauza Wete tu? Hapana. Hilo ni duka dogo, na udogo si mkakati. Ili kundi liwe la kulengwa kweli, lazima liwe na jambo linalolitenga na soko lililobaki: ama mahitaji yake ni tofauti, ama njia ya kulihudumia ina gharama tofauti, na wauzaji wa soko pana wanashindwa kulihudumia vizuri kwa sababu wanajaribu kumridhisha kila mtu. Hoteli ya ufukweni inataka kipande kidogo kitakachotosha mgeni wa siku tatu, chenye jina lake na chenye kitu cha kusimulia. Mche wa kiwandani haumpi hata kimoja katika hivyo. Dobi wa Mji Mkongwe anatumia sabuni nyingi, hajali harufu wala boksi, na mlango wake uko kwenye uchochoro ambao lori haliingii. Hayo ni makundi yaliyotengwa na mahitaji au na gharama. “Wateja wetu wa Wete” bado si kundi la namna hiyo, mpaka uoneshwe wanachohitaji ambacho wengine hawakihitaji.

Hatua ya tatu: tafuta sababu ya mnunuzi kurudi

Sasa jiulize: bei ya bidhaa hii ikipandishwa mpaka ilingane kabisa na ya mshindani, mnunuzi atabaki? Asipobaki, kilichokuwa kinamshika ni bei. Akibaki, kuna kitu kingine kinachomshika, na kazi yako ni kukitaja kwa jina.

Chukua maelezo ya pili. Bei yake tayari iko juu ya wenzake na bado inanunuliwa, kwa hiyo jaribio limeshafanyika lenyewe. Lakini usiishie kuandika “ina ubora”. Rudi kwenye karatasi yako, upande wa vitendo, uone ni kitu gani hasa. Kipo kimoja chenye uzito: ni sabuni ya mafuta ya nazi, na inatoa povu kwenye maji ya chumvi. Anayejua sabuni ataliamini jambo hilo, kwani sabuni ya nazi kweli hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, na kwa sababu hiyo ilikuwa sabuni ya mabaharia. Sabuni nyingi nyingine kwenye maji ya chumvi hugoma, hubaki utando wa kunata mwilini. Kwa mtu anayeoga maji ya kisima cha karibu na pwani, tofauti hiyo anaihisi kwenye ngozi yake kila siku. Utofautishaji wenyewe ndio huo: mnunuzi anaona faida anayoijali, na ananunua kwa sababu yake. Picha ya ua kwenye boksi inasaidia, lakini peke yake isingetosha.

Angalia pia jambo moja ambalo maelezo mazuri hulificha. Kitu cha pekee ambacho mnunuzi hakijali si utofautishaji, ni gharama tu. Muuzaji anaweza kujisifu kwamba sabuni yake ina mafuta ya viungo saba. Kama mnunuzi hawezi kuvitofautisha saba na vitatu, vile vinne vya ziada vinaongeza gharama na havimzuii mtu hata mmoja asiende kwa jirani.

Hatua ya nne: fuata gharama, usifuate bei

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapotokea, na ndipo vikundi vya kweli vinapopoteza fedha za kweli.

Bei ni ile anayolipa mnunuzi. Gharama ni ile anayoilipa muuzaji mpaka bidhaa imfikie mnunuzi. Uongozi wa gharama unahusu ya pili. Kiongozi wa gharama anaweza kuuza kwa bei ya chini kuliko wote, lakini pia anaweza kuuza kwa bei ile ile ya wenzake na kubaki na faida kubwa zaidi, na bado ni kiongozi wa gharama. Vile vile mtu anaweza kuuza kwa bei ya chini bila kuwa na gharama ya chini, na huyo hana mkakati huo hata kama ameuandika ubaoni.

Nilikaa siku moja na kikundi cha akina mama wa pwani ya kusini mashariki ya Unguja wanaotengeneza sabuni ya mwani. Maelezo yao yalikuwa hivi: “Sabuni asilia ya mwani na karafuu, bei nafuu kwa wote.” Mmoja wao, mwenye umri mkubwa kuliko wenzake, aliniuliza, “Maalim, sisi si ndio tunaouza rahisi? Dukani kwa wageni sabuni kama hii ni mara tatu.” Nikamwambia, “Bei mnaijua, mama. Gharama je, mmewahi kuihesabu?” Tukakaa chini tukaihesabu. Namba ninazoziweka hapa nimezirahisisha, lakini sura yake ndiyo ile.

Kwa kipande kimoja cha gramu 100: mafuta ya nazi shilingi 700, kostiki 80, unga wa mwani 50, mafuta ya karafuu 200, karatasi na lebo 120, nauli 100, na ujira wa mikono yao 350. Jumla ni shilingi 1,600. Wanauza 2,000. Duka la wageni linauza sabuni inayofanana na hiyo kwa 6,000, na hapo ndipo walipopata fikra kwamba wao ndio rahisi. Lakini wametaka kuuza “kwa wote”, na wote hao, yaani watu wa kijijini na wa mjini, hawanunui katika duka la wageni. Wananunua kipande cha kiwandani kwa 800. Tukisema kiwanda kinakitengeneza na kukifikisha kwa 550, gharama ya akina mama ni karibu mara tatu ya hiyo. Kiwanda kikiamua kesho kuuza 700, bado kinapata faida. Kikundi hakiwezi kushuka chini ya 1,600 bila ya kula ujira wake wenyewe.

Na kuna gharama ambayo haikuwemo kwenye hesabu ile. Sabuni inayotengenezwa kwa njia ya baridi, bila kupikwa, huwekwa kwenye rafu ikauke kwa wiki nne mpaka sita kabla ya kuuzwa. Muda wote huo fedha ya mafuta ya nazi imelala rafuni. Katika kuyasoma maelezo ya bidhaa, maneno kama “kwa mkono”, “hukaushwa wiki sita” na “kidogo kidogo” yote ni ishara za gharama kubwa kwa kila kipande. Ukiyakuta pamoja na neno “nafuu”, yaamini hayo, usiliamini “nafuu”.

Kwa hiyo orodhesha kila jambo ulilolitenga katika hatua ya kwanza, na mbele ya kila moja andika kama linapandisha au linashusha gharama ya kipande kimoja. Katika maelezo ya kwanza utaona yote yanashusha. Katika ya tatu yanapandisha: mkono, ukindu, muhuri wa kila hoteli. Katika ya nne yanashusha tena, lakini kwa sababu ambayo ni tofauti na ya kiwanda. Muuzaji wa gari la mkono hana shehena ya meli wala mtambo wa usiku na mchana. Unafuu wake unatokana na kundi lenyewe: madobi wako karibu karibu, wananunua kwa wingi, wanaleta vyombo vyao, na kati yake na wao hakuna muuza jumla wala muuza duka wa kula sehemu yake. Akitoka nje ya Mji Mkongwe, unafuu huo unayeyuka. Hiyo ndiyo alama ya ulengaji wa gharama: gharama ni ndogo kwa sababu ya kundi, na ndani ya kundi tu.

Jambo la kuongeza kwa haraka: katika soko moja pana, kiongozi wa gharama ni mmoja. Wanaotofautisha wanaweza kuwa wengi, kila mmoja kwa jambo lake, lakini wawili hawawezi wote kuwa na gharama ya chini kuliko wote. Ukipewa maelezo ya wauzaji watatu, nawe ukawaita wote viongozi wa gharama, rudia kazi yako.

Hatua ya tano: tazama alichokubali kukikosa

Mkakati wa kweli una kitu ulichoachana nacho. Kiwanda cha mche kimeachana na mteja anayetaka harufu. Sabuni ya nazi imeachana na mtu ambaye shilingi mia ni kubwa kwake. Kikundi cha Jambiani kimeachana na maduka yote, na gari la mkono limeachana na mji wote uliobaki. Ukiweza kukitaja kilichoachwa, jibu lako lina miguu ya kusimamia.

Usipokiona, huenda unayasoma maelezo ya mtu aliyekwama katikati, kama alivyomwita Porter mwenyewe. Mfano wake ni huu: “Sabuni bora kuliko zote, kwa bei ya chini kuliko zote, harufu 18, kwa nyumba, hoteli, skuli na watalii.” Harufu 18 maana yake kila harufu inatengenezwa kidogo, chombo kinasafishwa mara 18, lebo zinachapishwa aina 18, na rafu zinajaa zile zisizotoka. Mtu huyo hawezi kuwa na gharama ya chini. Na kwa kuwa anauza pia kwa bei ya chini, hawezi kumudu kuifanya hata harufu moja iwe ya kukumbukwa. Ukiulizwa mkakati wake, usimpe asioustahili. Andika kwamba maelezo yanaonesha amekwama katikati, na utaje mambo mawili yanayovutana. Wapo wataalamu waliompinga Porter kwa hoja kwamba zipo kampuni zilizoweza kuunganisha gharama ndogo na upekee, na hoja yao ina mashiko. Lakini kampuni hizo huweza kukuonesha mtambo, utaratibu au ugunduzi uliowawezesha. Maelezo yenye sifa tupu hayakuoneshi kitu.

Hatua ya sita: andika jibu lenye ushahidi

Jibu zuri ni aya fupi: taja mkakati, taja upana, taja vitendo viwili au vitatu kutoka kwenye maelezo, eleza kila kimoja kinafanya nini kwa gharama au kwa mnunuzi, kisha taja kilichoachwa. Kwa maelezo ya nne ningeandika hivi:

“Muuzaji anafuata ulengaji wa gharama. Amechagua madobi na nyumba za wageni za Mji Mkongwe, ambao wananunua kwa wingi na hawahitaji harufu wala kifungashio. Kupima kwa kilo na mteja kuleta ndoo kunaondoa gharama ya karatasi, na kupita mwenyewe vichochoroni kunaondoa sehemu ya muuza jumla na muuza duka. Ameachana na wanunuzi wa kipande kimoja kimoja na wa nje ya Mji Mkongwe.”

Tumia neno “maelezo yanaonesha” pale ambapo hukuona hesabu. Aya ya bidhaa imeandikwa na muuzaji, na gharama zake halisi ziko kwenye daftari lake. Unachoweza kuthibitisha ni kwamba vitendo alivyovitaja vinaendana na mkakati fulani.

Mwisho, jaribu jibu lako kwa kubadilisha jambo moja katika maelezo, uone kama nalo linabadilika. Chukua maelezo ya tatu, yale ya Jambiani, ambayo ni ulengaji wa utofautishaji. Badilisha oda ianzie vipande 500: jibu linabaki lile lile, kwani kundi na sababu ya kununua havikuguswa. Ondoa ukindu uweke boksi: linabaki, ila mvuto unapungua. Sasa futa “hatuuzi madukani”, uandike “inapatikana katika maduka yote Unguja, Pemba na Tanzania Bara”, na uache yaliyobaki kama yalivyo. Upana umefunguka, kwa hiyo ulengaji hautetezeki tena, na anayejibu kwa haraka ataandika utofautishaji. Lakini rudi kwa mnunuzi. Muhuri wa jina la hoteli hauna maana kwa mtu wa Micheweni anayenunua sabuni ya kuogea nyumbani, na gramu 30 ni ndogo mno kwake. Itakwisha kabla ya wiki. Upekee uliokuwa unalipiwa na hoteli, yeye haulipii, na gharama ya mkono, ukindu na muhuri iko pale pale. Kwa sentensi moja tu iliyobadilishwa, bidhaa imetoka kwenye mkakati ulio imara ikawa imekwama katikati. Na kikundi kile cha akina mama, tulipomaliza kuhesabu, walilifuta neno “kwa wote” kwenye lebo yao kwa kalamu, wakaanza kuandika majina ya hoteli walizozijua.